Mzigo Hutoka, Mchukuzi Hubaki

Mfanyakazi wa kiwanda cha vioo hujua kwamba mchanga peke yake ni mgumu mno kuyeyuka, na kwamba ni magadi yanayoufanya ukubali moto. Huko Kenya magadi hayo yamelala ziwani pale Magadi, ambako maji ya chemchemi za moto hukaushwa na jua yakaacha gamba jeupe la kuchimbwa. Lakini nchi nyingi hazina ziwa la namna hiyo. Hizo huyatengeneza magadi kwa maji ya chumvi na mawe ya chokaa, kwa njia iliyoanza kufanya kazi mwaka 1865 katika kiwanda cha Ernest Solvay huko Couillet, Ubelgiji. Katika kazi hiyo hutumika kitu cha tatu, nacho ni amonia. Ajabu ni kwamba magadi yakiisha kutengenezwa, ndani yake hamna hata chembe ya amonia. Basi imekwenda wapi, na kwa nini iliitwa?

Tuanze na sababu ya kuitwa. Chumvi inayo sodiamu, na jiwe la chokaa linayo kaboneti. Laiti vitu hivi viwili vingebadilishana wenzi wao, tungepata magadi mara moja. Lakini havitaki. Tia jiwe la chokaa katika maji ya chumvi, uliache mwaka mzima, utalikuta jiwe vile vile. Tena mambo huenda kinyume: ukichanganya majini magadi na kloridi ya kalsiamu, yaani vile vitu ambavyo tungependa kuvipata, papo hapo hugeuka tena kuwa unga wa chokaa na chumvi. Njia iliyonyoka imefungwa. Hapana budi kuzunguka, na katika mzunguko huo amonia ndiye mchukuzi.

Kazi huanza kwa maji yenye chumvi kiasi cha gramu 300 katika kila lita. Kwanza husafishwa kuondoa magnesi na kalsiamu, ambazo zingeganda na kuziba mabomba. Kisha hukutanishwa na gesi ya amonia. Maji huinywa amonia kwa uroho mkubwa, hata yakapata moto, kwa hiyo hupozwa. Baadaye huingizwa katika mnara mrefu, yakashuka kutoka juu huku hewa ukaa ikipanda kutoka chini. Hewa ukaa peke yake ingepita katika maji ya chumvi bila kushikwa. Amonia ndiyo inayoikamata na kuizuia humo.

Sasa ndani ya mnara mna sodiamu, klorini, amonia na hewa ukaa iliyokamatwa. Kati ya chumvi zote zinazoweza kuundwa na vitu hivyo, bikaboneti ya sodiamu, ile ile wanayotia wapishi katika maandazi, ndiyo isiyopenda sana kukaa katika maji. Basi huanguka chini kama mchanga mweupe. Fundi hulinda sana ubaridi wa sehemu ya chini ya mnara: maji yakibaki na moto, bikaboneti nyingi hukataa kuanguka, yakipozwa kwa ghafula, punje huwa laing'oa kama vumbi na kitambaa cha kuchujia huziba. Mchanga huo huchujwa, huoshwa, na kuchomwa katika joto lipatalo digrii 160 hadi 200. Mvuke na hewa ukaa hutoka, magadi hubaki. Hewa ukaa hiyo hurudishwa mnarani.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Yale maji yaliyobaki baada ya kuchuja yamebeba amonia yote, na sehemu kubwa yake sasa imefungwa na klorini iliyotoka katika chumvi. Tupige hesabu. Kwa kila tani moja ya magadi, amonia inayofungwa hivyo ni kiasi cha kilo 320. Kiwanda kitoacho tani 500 kwa siku kingemwaga tani 160 za amonia kila siku. Na amonia kwa kawaida ni ghali kuliko magadi yenyewe. Kiwanda hicho kingefilisika kabla ya kufunga hesabu za mwaka.

Wala hili si neno la kubuni. Kabla ya Solvay, watu walikwisha kujua kwamba amonia na chumvi huweza kuleta magadi. Katika miaka ya 1850 Wafaransa wawili, Schloesing na Rolland, walijenga kiwanda huko Puteaux karibu na Paris. Kilifungwa baada ya muda mfupi, na moja ya sababu ni kwamba amonia iliwaponyoka. Solvay hakushinda kwa kugundua elimu mpya. Alishinda kwa minara na mabomba yaliyoweza kumrudisha mchukuzi kazini.

Kinachomrudisha ni lile jiwe la chokaa. Likichomwa katika tanuri, hutoa vitu viwili: hewa ukaa, ambayo huenda mnarani, na chokaa hai, ambayo huzimwa kwa maji ikawa uji mweupe. Uji huo huchanganywa na yale maji yaliyochujwa, yakapigwa mvuke. Chokaa humnyang'anya amonia ile klorini. Amonia ikiisha kufunguliwa hupanda na mvuke, ikarudi mwanzo kukutana na maji mapya ya chumvi. Kwa hiyo jiwe moja hufanya kazi pande zote mbili za kiwanda. Mahali palipo na ulinzi mwema, amonia inayopotea ni kama kilo moja au mbili tu kwa kila tani ya magadi. Kiwanda chetu cha tani 500 kitahitaji kuongeza tani moja tu kwa siku, mahali pa 160.

Lakini ulinzi huo wataka macho. Chokaa ikipungua, amonia iliyofungwa hutoka na maji machafu bila harufu yoyote; hakuna pua itakayoijua. Kwa hiyo mpimaji huchota maji yatokayo chini ya mtambo, huyatia dawa ya alkali, huyachemsha, na kupima amonia itokayo. Chokaa ikizidi nayo, hupotea bure pamoja na kuni au makaa yaliyoichoma. Bomba likivuja gesi, hapo harufu humwambia kila mtu, naye hana budi kuondoka upesi, kwa maana amonia huunguza macho na mapafu. Ikifika mtoni, huua samaki.

Tusifiche upungufu wa njia hii. Klorini ya chumvi iliyogeuzwa kuwa magadi hutoka na kalsiamu, na kloridi hiyo ya kalsiamu hupita tani moja kwa kila tani ya magadi. Wanunuzi wake ni wachache, na nyingi humwagwa baharini, mitoni au katika mabwawa. Katika miaka ya 1940 mkemia wa Kichina, Hou Debang, alipita njia nyingine: aliiacha amonia ifungwe na klorini, akaifanya mbolea. Lakini yeye alihitaji kiwanda cha amonia kando ya mtambo wake, na wakulima wa kuinunua mbolea hiyo. Asiye na vyote viwili hana la kufanya ila kumrudisha mchukuzi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kiwanda cha namna hii kinaendeshwa vema, asitazame kwanza marundo ya magadi ghalani. Aulize ni kilo ngapi za amonia zilizonunuliwa mwezi huu.