Homa ya Dagoni: Muhtasari wa Mazungumzo juu ya Malaria kwa Wavuvi wa Mafia

Kaskazini-magharibi ya Kisiwa Kikuu cha Mafia kiko kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Shungimbili. Mwaka 2007 kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, na kuvua ndani ya mipaka yake hairuhusiwi. Lakini vyombo vya wavuvi huendelea kupita katika bahari inayokizunguka, vikielekea kwenye fukwe ambako mabaharia hupiga dago kwa siku kadhaa. Dagoni hakuna nyumba ya kupuliziwa dawa wala zahanati, na saa ambazo mwanakijiji amelala ndani ya chandarua ndizo saa ambazo mvuvi wa dagaa yu macho. Basi anayezungumza na wavuvi kuhusu malaria hana budi kuanzia hapo.

Muhtasari huu umekusudiwa bwana afya, mwalimu au mtu mwingine yeyote atakayesimama mbele ya wavuvi dikoni. Unahitaji vielelezo viwili tu: bilauri mbili za maji, na kamba yenye mafundo arobaini na matano.

Kielelezo cha kwanza: bilauri mbili

Siku moja kabla ya mazungumzo, chota maji kwa bakuli jeupe katika sehemu mbili: shimo la maji machafu karibu na choo, na dimbwi lenye jua, kwa mfano shimo la maji lililochimbwa mchangani. Weka viluwiluwi vya kila mahali katika bilauri yake, kisha uwapitishie wasikilizaji.

Swali: Je, viluwiluwi hivi vyote vinakaa namna moja?

Wape muda watazame. Viluwiluwi vya kuleksi, yule mbu wa maji machafu anayeeneza matende na mabusha, huning'inia kichwa chini, na hupumua kwa mrija ulio mkiani. Viluwiluwi vya anofelesi, mbu wa malaria, havina mrija huo. Hulala sambamba na uso wa maji kama ubao unaoelea. Mbu wakubwa nao hutofautiana. Kuleksi akitua ukutani mwili wake huwa sambamba na ukuta, lakini anofelesi huinua mkia juu.

Swali: Kama hatuna maji machafu dagoni, je, tumesalimika?

Wengi watajibu ndiyo, na jibu hilo ndilo la kusahihishwa. Anofelesi wengi hupenda maji safi yaliyotuama penye jua. Tena katika pwani ya Afrika Mashariki yupo anofelesi merusi, ambaye viluwiluwi vyake huishi katika maji yenye chumvi ambayo yangewaua jamaa zake wa maji baridi. Madimbwi yaachwayo na bamvua nyuma ya mikoko, na mashimo ya mwamba yenye maji ya mvua yaliyochanganyika na ya bahari, yanamtosha. Katika joto letu, yai huwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi na nne. Kwa hiyo shimo la maji lifukiwe kabla ya kuvunja dago. Hata hivyo, msemaji asiwaahidi watu kwamba watamaliza madimbwi yote ya mikokoni. Kazi hiyo haiwezekani kwa jembe.

Kielelezo cha pili: kamba ya mafundo

Hiki ndicho kiini cha mazungumzo. Waombe wasikilizaji wawili waishike kamba huku na huku. Kila fundo ni usiku mmoja. Tuchukue mfano wa mvuvi mmoja aliye dagoni.

Fundo la 1: anang'atwa na mbu mwenye vimelea vya falsiparamu, ambavyo ndivyo vingi katika nchi yetu. Vimelea hukimbilia katika ini, na mvuvi hasikii lolote.

Fundo la 13: anashikwa na homa, kichwa na baridi. Kwa kawaida homa hutokea siku tisa hadi kumi na nne baada ya kung'atwa. Mvuvi sasa yuko nyumbani, na anasema amepata homa kwa sababu ya mvua ya jana.

Swali: Homa hii aliipata wapi?

Mwite mmoja arudi nyuma kwa kidole, fundo baada ya fundo, mpaka afike dagoni. Wasikilizaji wakiliona jambo hili wenyewe, hawatalisahau.

Tuseme mvuvi huyo amekunywa vidonge vya maumivu tu, homa ikapungua, akaridhika. Karibu na fundo la 22, damu yake ina vimelea vya kiume na vya kike, ambavyo havimsumbui lakini humwambukiza mbu. Mbu wa kijijini anamng'ata. Vimelea huhitaji siku kumi au kumi na moja kukomaa ndani ya mbu huyo. Tumefika fundo la 33. Usiku huo mbu anamng'ata mtoto wa jirani. Fundo la 45, mtoto anashikwa na homa.

Swali: Ni mabamvua mangapi yamepita?

Wavuvi watajibu upesi kuliko msemaji: matatu. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga dagoni anaugua homa ya dagoni.

Wapi kamba inakatika?

Waulize wasikilizaji wangeikata kamba katika fundo lipi, kisha eleza sehemu tatu.

Ya kwanza ni dagoni. Mbali na ufuko mbu ni wachache. Hatari iko nchi kavu, hasa kuanzia saa nne za usiku hadi alfajiri, watu wanaposubiri maji au kuchemsha dagaa. Nguo ya mikono mirefu na mafuta ya kufukuzia mbu husaidia hapo. Anayelala usiku afunge chandarua chenye dawa kwenye makasia yaliyosimikwa mchangani, na pindo lake likandamizwe chini ya mkeka. Chandarua hicho kisifuliwe baharini wala kisimani, kwa maana dawa yake ni sumu kali kwa samaki.

Ya pili ni fundo la 13. Mvuvi apimwe damu siku ile ile ya homa. Akikutwa na malaria isiyo kali, dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kwa mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, yaani ishirini na nne. Dozi ya pili hufuata baada ya saa nane, na dawa humezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya pili homa inapotulia na kuweka akiba ya safari ijayo. Mtu aliyechanganyikiwa, anayetapika kila kitu au aliyepatwa na degedege hangojei vidonge. Apelekwe hospitali mara moja.

Ya tatu ni kati ya fundo la 22 na la 33. Mbu jike hunywa damu kila baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo kabla vimelea havijakomaa atatafuta damu mara tatu au nne zaidi. Kila mara akikuta chandarua chenye dawa yuko hatarini kufa. Ndiyo sababu chandarua cha nyumba moja humkinga hata jirani.

Swali la mwisho: Nani ataishika kamba?

Jibu lililo bora ni nahodha. Tangu usiku wa kwanza wa dago afunge fundo moja kila usiku, hata baada ya kurudi nyumbani, mpaka siku kumi na nne zitimie tangu dago livunjwe. Baharia yeyote atakayeshikwa na homa kabla ya fundo la mwisho aende kupimwa, naye amwambie mganga alilala wapi.