Mtemi, Mvua na Boma la Karema

Jioni hii tutazame watawala waliosema kwamba amri yao imetoka juu, na mfano wetu hauko mbali: ni Karema, magharibi ya Mpanda, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika.

Hapo zamani Wakonongo na jirani zao walitawaliwa na watemi. Mtemi hakuwa mwamuzi wa mashauri tu. Damu yake ilimfunga na mizimu ya waliomtangulia, na watu waliamini ya kuwa afya yake na rutuba ya nchi ni kitu kimoja. Lakini, angalieni, heshima hiyo ilikuwa na ncha mbili. Mvua ilipokosekana, yule aliyesifiwa kwa mvua ndiye aliyelaumiwa kwa ukame, naye aliweza kufukuzwa. Tena katika Unyamwezi imesimuliwa kwamba mtemi aliyeugua sana alinyongwa kwa siri, nchi isije ikadhoofika pamoja naye.

Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold walijenga boma hapo Karema. Mwaka 1885, baada ya mataifa ya Ulaya kukubaliana mipaka, Leopold alishika Kongo, akawaachia Mapadre Weupe boma hilo pamoja na Mpala, ng'ambo ya ziwa. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alitamani kuona ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Basi akatumwa Kapteni Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, awalinde watu na wakamataji wa watumwa.

Watu waliokimbia vita walijenga karibu na misioni, na watoto waliokombolewa utumwani wakalelewa humo. Wote walifuata amri za misioni, na kesi zao ziliamuliwa na padre. Je, mkulima aliyezoea mtemi aliona jambo geni? Sidhani. Aliyemwomba Mungu ndiye aliyehukumu, ndiye pia mwenye bunduki za ulinzi. Kwa maoni yangu jambo hilo lilivuta watu mwanzoni kuliko mahubiri.

Ufalme ule haukudumu. Serikali ya Kijerumani ilipofika katika miaka ya 1890, hukumu na silaha zikawa mali yake, na padre akabaki na kanisa, shule na dawa.

Kwa mtemi mabadiliko yalikuwa ya namna nyingine. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926, walimfanya mtawala wa wenyeji, mwenye baraza na mshahara, akiwasaidia kukusanya kodi. Watu waliendelea kumwendea kwa matambiko, lakini cheo chake sasa kilisimama juu ya kibali cha Gavana. Mvua ilipokosekana, raia walinung'unika, wala hawakuweza tena kumwondoa wenyewe. Na mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu, sheria moja ilitosha kumwondoa.