Damu Imepungua, au Maji Yamezidi?

Karatasi ya majibu ya kipimo cha damu huwa na mistari mingi, lakini miwili ndiyo hutazamwa kwanza mgonjwa anaposhukiwa kuwa na upungufu wa damu. Mmoja huandikwa HGB, yaani himoglobini, na mwingine HCT, yaani hematokriti.

Himoglobini ni protini yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya chembe nyekundu, na ndiyo inayobeba oksijeni. Hupimwa kwa gramu katika kila desilita ya damu. Hematokriti ni asilimia ya damu iliyojazwa na chembe hizo. Pasipo mashine ya kisasa, mtaalamu wa maabara huipima kwa kijibomba chembamba cha kioo: hukijaza damu, hukiziba upande mmoja, kisha hukizungusha kwa kasi kubwa kwa dakika chache. Kikitoka, chembe nyekundu zimejikusanya chini, juu yake kuna utando mwembamba mweupe, na juu kabisa plazma ya manjano. Kama safu nzima ina milimita 50 na sehemu nyekundu ina 18, hematokriti ni asilimia 36.

Katika chembe zenye afya, himoglobini na ukubwa wa chembe huenda kwa uwiano usiobadilika sana. Ndiyo maana ukizidisha himoglobini kwa 3 unapata takriban hematokriti: himoglobini 12 huandamana na hematokriti 36, na tofauti ya 3 juu au chini huvumilika. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu. Mashine ikitoa himoglobini 15 na hematokriti 36, mtaalamu hasaini majibu kabla ya kuichunguza sampuli. Huenda plazma imejaa mafuta. Mashine hupima himoglobini kwa kupitisha mwanga, na ule weupe wa mafuta huihadaa. Kanuni hii haitegemewi kwa mwenye upungufu mkubwa wa madini ya chuma, selimundu au thalasemia, kwa sababu chembe zake si za kawaida.

Lakini kuna kosa ambalo kanuni ya tatu haiwezi kulikamata, nalo ni la maji. Tumchukue mama wa mfano mwenye lita 5 za damu. Chembe nyekundu zimechukua lita 1.5 na plazma lita 3.5. Himoglobini yake ni 10 na hematokriti 30. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu wa damu, kwa hiyo huyu anao.

Sasa anaharisha na kutapika hadi plazma inapungua kwa lita 0.9. Hajaongeza hata chembe moja, ila chembe zilezile sasa zimo katika lita 4.1. Himoglobini inasomeka 12.2 na hematokriti kama 36.6. Ni kama mchuzi uliokauka jikoni: chumvi ni ileile, lakini ladha imekolea. Zidisha 12.2 kwa 3 upate 36.6. Kanuni imetimia, mashine haina kosa, na upungufu wa damu umefichika.

Upande wa pili yuko mtu ambaye figo au moyo wake umeshindwa kuondoa maji, au aliyepewa dripu kupita kiasi. Mwenye himoglobini 12 na lita 5 za damu, plazma ikiongezeka kwa lita moja, atasomeka 10 na hematokriti 30. Hapa tena hesabu inakubali, ingawa hakuna chembe iliyopotea. Ndivyo inavyotokea pia damu ikichukuliwa juu ya dripu katika mkono uleule: maji ya chupa huingia kwenye sampuli. Sindano ichomwe mkono mwingine.

Kwa hiyo hali ya maji hutafutwa kwa mgonjwa mwenyewe. Mdomo mkavu, mkojo mchache wa rangi iliyokolea na mapigo ya moyo ya kasi huonyesha maji yamepungua. Miguu inayobonyea, pumzi inayokatika akilala chali na uzito uliopanda ghafla huonyesha yamezidi. Hata mtu aliyetoka kuvuja damu nyingi anaweza kusomeka sawa mwanzoni, kwa kuwa amepoteza chembe na plazma kwa pamoja. Namba hushuka baadaye, maji yanapoingia kwenye mishipa.

Kama wewe au mwanao mlipimwa wakati wa kuharisha sana au dripu ikiwa inatiririka, mwambie daktari hivyo, na uulize kama kipimo kinahitaji kurudiwa maji ya mwili yakishatulia. Jibu la pili ndilo litakaloonyesha kama kuna upungufu wa damu wa kutibiwa, au tatizo lilikuwa la maji.