Paka akiungua jikoni: maji kwanza, mawese hapana

Jioni ile tulikuwa Butembo, mu nyumba ambayo sendika yetu ya wachimbaji inapanga katika komini ya Bulengera, tunangojea chakula kisha mukutano. Mbabula iliyumba, sufuria ya maharagi ikainama, na maji yaliyokuwa yanachemuka yakamumwangikia paka wetu kwenye mugongo na kwenye paja la kuume. Jina lake ni Kapita. Tunamuchunga juu ya panya, maana depo ya unga iko nyuma ya ofisi na bila yeye hatungekuwa na gunia hata moja lisilotobolewa. Alilia mara moja tu, akakimbilia chini ya kabati.

Dakika mbili hazikupita, kila mutu alikuwa na dawa yake. Mumoja alileta mawese. Mwingine alileta dawa ya meno. Wa tatu alikuwa amekwisha kukata kidonge cha parasetamoli nusu. Wote walikuwa na nia muzuri, lakini tulikatala vyote vitatu, juu tulikuwa tunakumbuka paka wa wandugu zetu wa Beni.

Yule wa Beni hakuungua. Alijikata mguu kwenye manjanja, kidonda cha urefu wa kidole, na damu ilisimama yenyewe. Lakini usiku alikuwa analia, na ndugu mumoja alimuhurumia: alisaga nusu ya kidonge cha parasetamoli, akachanganya na maziwa. Asubuhi paka alikuwa amevimba uso na vikanyagio, anapumua haraka haraka, na nyama inayoshika meno, ile tunaita fizi, ilikuwa na rangi ya shokola. Kesho yake akafa. Kidonda chenyewe kilikuwa kikavu, hakina hata usaha. Ni dawa ndiyo ilimuua.

Muganga wa nyama alitueleza kisha. Maini ya mutu yako na namna ya kuvunja parasetamoli na kuitosha mu mukojo. Maini ya paka yanakosa karibu nguvu yote ya kazi hiyo, kwa hiyo dawa inageuka sumu na inaharibu damu. Damu haibebe tena hewa, na ndiyo maana fizi zinakuwa kahawia au za buluu. Tuhesabu kidogo. Paka wetu ana kilo 3 na nusu. Nusu ya kidonge cha miligrami 500 ni miligrami 250, ni kusema zaidi ya miligrami 70 kwa kila kilo. Na waganga wamekwisha kuona paka wakipata sumu hata kwa miligrami 10 kwa kilo. Hakuna kipande cha kidonge kile ambacho ni kidogo vya kutosha. Ibuprofeni na diklofenaki ni vivyo hivyo, zenyewe zinaharibu figo na tumbo. Kama mutu amekwisha kumupa, asione haya: amupigie muganga simu palepale na amutajie jina la dawa, miligrami na saa, juu kuko dawa inayopigana na sumu hiyo, lakini inasaidia kama imetolewa mapema.

Turudi kwa Kapita. Kwanza ilikuwa lazima kumushika, na paka mwenye maumivu anauma hata mama aliyemulisha. Watu wawili wanatosha. Mumoja anamutupia kikwembe juu ya kichwa, anamukunja ndani yake kama mutoto, miguu yote ndani, na anaacha inje ni upande ulioungua tu. Akikuuma, osha pahali hapo kwa maji na sabuni dakika 15 na uende kituo cha afya siku ileile, maana paka naye anabeba ugonjwa wa mbwa wa kichaa.

Kisha, maji. Maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Si barafu, juu barafu inafunga mishipa na kuua ngozi iliyobaki hai. Mu nyumba nyingi za Butembo na Beni kungali ile ndoo yenye robine ambayo tulinawia mikono wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020. Hiyo ndiyo chombo kizuri kupita vyote. Ndoo ya litre 20, ukifungua robine kidogo ili litre moja itoke kwa dakika, inakupa dakika zako 20 kamili. Lakini uangalie: maji yenye klori hapana. Yamwage, suuza ndoo, weka maji safi ya kunywa.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea na paka, hata wale wanaojua kuhudumia mutoto aliyeungua. Manyoya yanashika maji ya moto kama sifongo, na yanaendelea kupika ngozi wakati juu unaona yamepoa. Lazima upanue manyoya kwa vidole mpaka uone maji yanafika kwenye ngozi. Kama ni mafuta ya kukaanga ndiyo yalimumwangikia, anza vilevile na maji mengi, kisha sabuni kidogo ya vyombo ili mafuta yatoke, kisha maji tena. Na angalia vikanyagio: paka anayekimbia karibu na mbabula anaweza kukanyaga makala, na kidonda kati ya vidole hakionekane kama haumuinue mguu.

Mawese je? Mawese yanafunika moto ndani ya ngozi. Paka anayalamba pamoja na ngozi iliyolegea. Na muganga atalazimika kuyasugua yatoke mbele aone kidonda, na maumivu ya kusugua ni ya paka, si yako. Dawa ya meno, unga, yai, asali ya saa ya kwanza, vyote viingie mu kundi moja. Kama umechelewa, hata masaa mawili ao matatu kisha kuungua, maji yangali yanasaidia.

Butembo ni mulima, na usiku ni baridi. Mwili wa paka ni mudogo, unapoteza joto upesi. Kapita alianza kutetemeka kwenye dakika ya 12, basi tulimukausha kichwa, kifua na miguu, tukaweka chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa na kitambaa upande wa tumbo, mbali na pahali palipoungua, na tukaendelea kumwanga maji kwenye mugongo peke yake. Ungua unapozwa, paka anachungwa na joto. Akilegea, akiacha kupigana, masikio yakiwa baridi kabisa, acha maji na umufunike.

Kisha tulifunika pahali hapo na kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi, tukakilowesha na maji ya chumvi: kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa, mu nusu litre ya maji yaliyochemuka na kupoa. Hakuna pamba yenye nyuzi, juu inashikamana. Hakuna kukaza. Na hatukunyoa manyoya wala kutoboa malengelenge, hiyo ni kazi ya muganga.

Ilikuwa saa mbili ya usiku. Kila mutu wa hapa anajua kwamba tangu eta de sieji ya Mei 2021, na hata mbele yake, hatutembei usiku juu ya paka, na barabara ya Beni na Butembo haipitwe giza. Kwa hiyo mara nyingi huduma ya kwanza kwetu si ya nusu saa, ni ya usiku muzima. Tulimuweka mu katoni yenye matundu, mu giza, chupa ya vuguvugu ikibadilishwa kila masaa mawili. Maji ya kunywa tulimuachia karibu. Chakula hapana, juu kesho angeweza kulazwa usingizi. Kwa shingo tulimuvalisha mudomo wa katoni uliokatwa kama faneli, ili asilambe. Na kila mara tulikuwa tunamuinua mudomo na kubonyeza ufizi na kidole: unakuwa mweupe, na rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikikawia, ao fizi zikibaki nyeupe, ao paka akipumua mudomo wazi, hapo damu haizunguke vizuri na hakuna kungojea asubuhi kama kuko njia yoyote. Vilevile kwa paka aliyetoka mu nyumba iliyoungua: ndevu zilizokunjamana na moto ni alama kwamba alivuta moshi, na mapafu yanaweza kujaa maji siku ya pili wakati ulifikiri amepona.

Kwa kidonda cha kukatwa, kama kile cha Beni, maji ya chumvi ni yaleyale. Lakini damu ikitoka, kwanza funga kwa kubonyeza: kitambaa safi, mukono juu yake, dakika 5 kwa saa, bila kuchungulia. Kila mara unapoinua kitambaa unavunja damu iliyoanza kuganda. Kikilowa, ongeza kingine juu, usitoshe cha kwanza. Musumari ao kijiti kilichoingia sana kiache mulemule, ukifunge kisitikisike. Damu ikisha kusimama, osha na maji ya chumvi, ukipenda na betadini iliyozimuliwa mpaka ionekane kama chai nyepesi. Alkoli na lotoko zinachoma nyama hai. Detoli, na zote zinazogeuka nyeupe kama maziwa mu maji, ni sumu kwa paka, kwa sababu ileile ya maini, na atazilamba. Muganga anapendelea kushona ndani ya masaa 6 mpaka 8. Kuko tena matundu madogo ya meno ya paka mwingine, ambayo watu wanayadharau: yanajifunga juu, usaha unabaki chini, na siku ya tatu unaona uvimbe wa moto.

Butembo tuna bahati moja, Universite Katolika ya Graben iko na fakilte ya uganga wa nyama, na waliosoma pale wanafanya kazi muji muzima. Wengi wamezoea ngombe na mbuzi. Kwa hiyo piga simu mbele, na uulize wazi: uko na dawa ya maumivu ya paka? Tulifanya hivyo saa kumi na mbili ya asubuhi, kisha tukapanda taksi-moto, katoni kati ya dereva na mubebaji, kikwembe juu.

Muganga alimupiga sindano ya maumivu, akamunyoa, akasema ngozi iko nyekundu tu na turudi siku ya tatu. Tulishangaa, juu Kapita alikuwa anakula vizuri. Siku ya tatu kipande cha paja, upana wa kiganja cha mutoto, kilikuwa kigumu na cheusi, kinaanza kuachana na nyama. Ndivyo kuungua kwa paka kunavyofanya: ngozi iliyokufa inajionyesha nyuma. Pa mugongo, pahali maji yalifika vizuri, manyoya yaliota tena. Pa paja, ambapo tulisahau kupanua manyoya dakika za kwanza, pangali uwazi mpaka leo.