Msimamizi Kufungiwa Nje ya Seva Yake: Programu ya Kuzuia Uvamizi na Njia ya Konsoli

Tuchukulie ofisi ya umma iliyopo Kacyiru, eneo la Kigali lenye wizara nyingi, ambayo kompyuta zake zote hutoka kwenye intaneti kupitia ruta moja. Kwa seva iliyo katika kituo cha data, watumishi wote hao wana anwani moja tu. Seva hiyo inalindwa na `fail2ban`, programu inayosoma kumbukumbu za majaribio ya kuingia. Kwa mipangilio yake ya awali, anwani inayokosea mara 5 ndani ya dakika 10 huzuiwa kwa dakika 10. Hivyo mtumishi mmoja akikosea nenosiri, ofisi nzima hufungiwa nje, msimamizi akiwemo. Dakika 10 zinavumilika. Tatizo ni kwamba wasimamizi wengi huziongeza hadi siku nzima au zaidi.

Dalili yake ni ya kutatanisha, kwani tovuti iliyomo katika seva ileile huendelea kufunguka. Kizuizi huhusu mlango wa SSH pekee. Kwa kawaida jibu la `Connection refused` hutokea papo hapo, ilhali ukuta wa moto unaotupa pakiti kimya huleta `Connection timed out` baada ya kusubiri. Hata hivyo, jibu la kwanza huweza pia kumaanisha kuwa huduma ya SSH imezimika. Msimamizi ajaribu kuingia kupitia mtandao wa simu: akifaulu, basi anwani ya ofisi ndiyo iliyozuiwa.

Pale ambapo seva hairuhusu anwani nyingine yoyote, hubaki konsoli. Hiyo ni skrini na kibodi ya seva yenyewe, inayofikiwa kupitia mfumo wa mwenye kituo cha data, kwa hiyo kanuni za ukuta wa moto haziigusi. Kuwasha seva upya hakusaidii, kwa sababu `fail2ban` huhifadhi vizuizi ambavyo muda wake haujaisha na kuvirejesha. Katika konsoli huandikwa:

```
sudo fail2ban-client status sshd
sudo fail2ban-client set sshd unbanip 203.0.113.10
```

Amri ya kwanza huorodhesha anwani zilizozuiwa. Ya pili huondoa ile ya ofisi, ambayo hapa ni ya mfano.

Kinachokwamisha zaidi ni nenosiri. Seva nyingi hukabidhiwa zikiwa na ufunguo wa SSH tu, na konsoli haiupokei. Kibodi ya Kifaransa nayo huweza kubadilisha herufi bila kuonekana. Aidha, mkataba usiotaja nani ana haki ya kufungua konsoli, na kwa saa zipi, humwacha msimamizi akisubiri mzabuni.

Anwani ya ofisi huweza kusamehewa kwa kuiandika katika `ignoreip`. Msamaha huo una gharama: kompyuta ya ofisini iliyotekwa na mvamizi itabahatisha manenosiri bila kuzuiwa, na mtoa huduma ya intaneti akibadilisha anwani, msamaha hubaki kwa mtu mwingine.