Tarehe Mpya, Bei Mpya: Unacholipia Unaposogeza Safari

Mfanyabiashara wa Kariakoo amekwenda Dubai kununua mzigo. Tiketi yake ya kwenda na kurudi aliilipia dola 500. Mzigo umechelewa kufungwa, naye anataka kurudi wiki moja baadaye. Ana hakika ndege ya siku hiyo ina viti, tena wakati ananunua tiketi aliambiwa kubadili tarehe ni dola 75. Anapiga simu, anatajiwa dola 135. Hapo ndipo lawama zinapoanza, wakala akishukiwa kuongeza cha kwake.

Tarakimu hizi ni za mfano, lakini hesabu yenyewe ndivyo inavyokwenda katika mashirika mengi ya ndege. Ndani ya dola 135 mna malipo mawili tofauti.

La kwanza ni ada ya mabadiliko. Hii imeandikwa kwenye masharti ya nauli tangu siku tiketi ilipokatwa, na wakala huisoma kwenye kompyuta katika kipengele kiitwacho PENALTIES. Maneno yake huwa mafupi, kwa mfano:

```
CHANGES
ANY TIME
CHARGE USD 75 FOR REISSUE
IN CASE OF NO-SHOW CHARGE USD 175
```

Yaani kubadili wakati wowote ni dola 75, ila abiria akiiacha ndege iondoke bila kutoa taarifa, ada inapanda hadi dola 175. Nauli nyingine za bei ya chini kabisa haziruhusu mabadiliko hata kidogo, na nauli za juu mara nyingi hazitozi ada yoyote.

Malipo ya pili ni tofauti ya nauli, na hili ndilo huwashangaza wengi. Viti vya daraja la kawaida vinafanana, lakini haviuzwi kwa bei moja. Shirika huvigawa katika mafungu, kila fungu na herufi yake. Y kwa kawaida ni nauli kamili. L, Q na nyingine huwa za bei nafuu, kwa mpangilio ambao kila shirika hujipangia. Fungu la bei nafuu likiisha, kinachobaki ni la bei ya juu zaidi, hata kama nusu ya ndege ni tupu.

Turudi kwa mfanyabiashara wetu. Katika zile dola 500, nauli ilikuwa dola 380 na zilizobaki ni kodi. Basi nauli ya kurudi peke yake ni dola 190, katika herufi L. Siku anayoitaka, L imekwisha. Herufi ya chini kabisa iliyo wazi ina nauli ya dola 250 kwa upande huo mmoja. Tofauti ni dola 60. Ukijumlisha na ada ya 75, unapata 135.

Kumbe siku mbili mbele L bado ipo. Akikubali kurudi siku hiyo, tofauti ya nauli inafutika, analipa dola 75 tu. Ada haipungui kwa kubembeleza, lakini tofauti ya nauli inaweza kutoweka kwa kuchagua siku.

Mambo yangekuwa mengine kama angekuwa bado hajaondoka Dar es Salaam. Kwa kawaida, tiketi ambayo haijaanza kutumika hupigiwa hesabu upya yote, kwenda na kurudi, kwa nauli za siku hiyo ya mabadiliko. Pia masharti ya nauli nafuu, kama vile kununua siku kadhaa kabla ya safari, hutazamwa tena. Ndiyo maana kusogeza safari dakika za mwisho huweza kukaribia bei ya tiketi mpya.

Hata tangazo la kubadili tarehe bila ada halifuti tofauti ya nauli. Mwaka 2020 mashirika makubwa ya Marekani, yakiwamo United, Delta na American, yaliondoa ada ya mabadiliko kwenye nauli zao nyingi, lakini abiria anayehamia siku yenye nauli ya juu bado huongeza pesa. Pale shirika lenyewe linapofuta safari au kuibadilisha sana, kwa kawaida abiria hupewa tarehe nyingine bila ada.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe wakala akutenganishie: ada ya shirika kiasi gani, tofauti ya nauli na kodi kiasi gani, na yeye mwenyewe anatoza kiasi gani kwa huduma yake. Kisha muulize ni siku ipi iliyo karibu ambayo herufi ya tiketi yako bado iko wazi. Na simu hiyo ipigwe kabla ndege ya zamani haijaondoka, kwa sababu ikisharuka bila wewe utatozwa ile ada kubwa, na kwenye baadhi ya nauli tiketi inapoteza thamani yake.