Basi la Usiku Nalo ni Mshindani: Jinsi ya Kupima Kampuni ya Vifurushi kwa Uzito na Alama

Mwenye duka la vipuri pale Mwanjelwa, Mbeya, anapoagiza sahani ya klachi kutoka Kariakoo, gari la mteja wake huwa limelala gereji na fundi anasubiri. Hapo hajiulizi ni kampuni gani ina magari mapya au nembo inayovutia. Anajiuliza kifaa kitamfikia saa ngapi, na kama hakitafika atamdai nani. Kampuni ya vifurushi ya mkoa inayotaka kujua imesimama wapi mbele ya wapinzani wake ianzie kwenye maswali hayo mawili, na chombo kinachofaa kuyapima ni jedwali la kulinganisha washindani.

Jedwali lenyewe ni jepesi. Unaorodhesha mambo machache yanayoamua nani anapata mzigo na nani anaukosa. Kila jambo unalipa uzito, na uzito wote kwa pamoja ni 1.00. Kisha kila kampuni, yako ikiwemo, inapewa alama kwa kila jambo: 4 ni nguvu kubwa, 3 nguvu ndogo, 2 udhaifu mdogo, 1 udhaifu mkubwa. Unazidisha uzito kwa alama, unajumlisha, na kila kampuni inapata jumla yake. Vitabu vya Fred R. David vya usimamizi wa mikakati vimelifundisha jedwali hili kwa miaka mingi. Hesabu yake haimshindi mtu aliyemaliza shule ya msingi. Ugumu uko kwingine: nani anaingizwa kwenye jedwali, uzito unatoka kwa nani, na alama inatolewa kwa ushahidi gani.

Tuchukue kampuni ya mfano yenye makao Mbeya, inayopokea mizigo Dar es Salaam na kuisambaza Mbeya, Songwe, Njombe na Rukwa. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano vilevile, nimezipanga ili hesabu ionekane wazi. Mameneja wake wakikaa kuandika majina ya washindani, wataanza na kampuni nyingine za vifurushi, zenye sare, kaunta na leseni ya TCRA. Mabasi watayasahau. Watasema biashara ya basi ni abiria. Lakini mwenye duka wa Mwanjelwa akikosa imani nao hatafuti kaunta nyingine. Anampigia mtu wake Kariakoo apeleke boksi stendi ya Magufuli, Mbezi, lipandishwe basi la usiku, na yeye alipokee Mbeya asubuhi. Mshindani ni yule anayeuchukua mzigo ulioukosa wewe, hata kama kazi yake ya leseni ni nyingine. Kwa hiyo jedwali letu lina safuwima tatu za alama: kampuni yetu, mabasi, na kampuni moja kubwa yenye ofisi nchi nzima.

Sasa uzito. Hapa ndipo majedwali mengi yanapoharibika, na yanaharibika kwa nia njema. Kampuni yetu ya mfano imetoka kununua mfumo wa kufuatilia kifurushi kwa simu. Imelipa fedha nyingi, imefundisha wafanyakazi, na mameneja wanaupenda. Wakigawa uzito wenyewe, taarifa kwa mteja inapata 0.30, kufika kwa wakati 0.20, usalama wa mzigo 0.20, kufika hadi wilayani 0.20, na bei 0.10. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu ameupa uzito mkubwa ule upande anaoufahamu na kujivunia.

Njia bora ni kuwaachia wateja wagawe, na isiwe kwa kuwauliza wanajali nini, kwa sababu watajibu kwamba wanajali yote. Andika mambo matano kwenye kadi tano, umpe mwenye duka punje 20 za maharage, umwambie azigawe juu ya kadi kadiri kila jambo linavyomfanya achague au aache kampuni. Punje moja ni sawa na 0.05. Akiongeza punje kwenye bei lazima aitoe kwingine, na hapo utamwona akisita. Kusita huko ndiko unakokitafuta. Watafute pia wateja walioacha kukutumia, maana waliobaki tayari wameshazoea udhaifu wako. Na uulize yule anayelipa na kupata hasara, usimuulize kijana anayetumwa kaunta.

Tuseme wastani wa wauza vipuri umetoka hivi: wakati 0.30, usalama 0.20, bei 0.20, kufika wilayani 0.20, taarifa 0.10. Kabla ya kuendelea, angalia orodha yenyewe. Ukiandika "kasi" na "kufika kwa wakati" kama mambo mawili, umelihesabu jambo moja mara mbili, na aliye hodari hapo atapanda bila haki. Ukiandika leseni, haikusaidii kitu iwapo wote wanayo, maana sharti la kuingia sokoni halimtofautishi aliyekwisha kuingia.

Alama nazo zinahitaji ushahidi ambao mtu mwingine akiurudia atapata jibu lilelile, au la karibu. Kwa jambo la wakati, tuma vifurushi 10 kwa kila mshindani na 10 kwa kampuni yako, kwa jina la mtu asiyejulikana kaunta. Vigawe katika siku tofauti, Jumatatu na Ijumaa zikiwemo, maana ndizo siku za msongamano. Andika saa uliyokabidhi na saa mpokeaji alipoushika mzigo. Kanuni ya alama iandikwe kabla ya matokeo kurudi: 9 au 10 vilivyofika katika muda ulioahidiwa ni alama 4, 7 au 8 ni alama 3, 5 au 6 ni alama 2, chini ya hapo ni 1. Ukiiandika baadaye, utajikuta unaivuta kuelekea upande wako.

Bei nayo ina mtego wake. Basi likidai shilingi 8,000 na kampuni yetu 15,000, usiandike tofauti ya 7,000. Mzigo wa basi unaishia stendi, na mpokeaji atalipa bodaboda, tuseme 2,000, na atafunga duka kwa muda kwenda kuufuata. Linganisha gharama mpaka mzigo uwe mkononi. Katika mfano wetu basi bado ni nafuu, ila pengo ni dogo kuliko linavyosemwa stendi.

Baada ya kazi hiyo, jedwali linasomeka hivi:

| Jambo | Uzito | Sisi | Mabasi | Kampuni kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Kufika kwa wakati | 0.30 | 2 | 4 | 2 |
| Usalama na fidia | 0.20 | 3 | 2 | 4 |
| Bei hadi mkononi | 0.20 | 2 | 4 | 2 |
| Kufika wilayani | 0.20 | 3 | 1 | 4 |
| Taarifa kwa mteja | 0.10 | 4 | 1 | 2 |
| Jumla | 1.00 | 2.60 | 2.70 | 2.80 |

Rudisha sasa ule uzito wa mameneja, bila kugusa alama hata moja. Kampuni yetu inapata 3.00, kampuni kubwa 2.80, mabasi 2.10. Alama zilezile, barabara ileile, lakini tumetoka nafasi ya mwisho tukawa wa kwanza. Ndiyo maana nasema anayeshika uzito ameshika jibu. Ukiletewa jedwali la namna hii ofisini, usianzie chini kwenye jumla. Anzia kwenye safuwima ya pili, ya uzito, uulize nani alizipanga zile namba.

Na jumla yenyewe isikutishe wala isikulevye. 2.80 haimaanishi kwamba kampuni kubwa ni bora kuliko yetu kwa asilimia fulani. Vifurushi 10 ni vichache. Kimoja kikichelewa kwa pancha, alama inaweza kuhama. Tofauti ya 0.10 ni ndogo mno kuijengea uamuzi. Kinachofaa kusomwa ni pengo la kila mstari likizidishwa kwa uzito wake. Dhidi ya mabasi, tunapoteza 0.60 kwenye wakati na 0.40 kwenye bei. Tunapata 0.40 kwenye kufika wilayani, 0.30 kwenye taarifa na 0.20 kwenye usalama. Sasa picha ina umbo. Mfumo wa simu uliogharimu fedha nyingi unatuletea 0.30, na tayari tuna alama 4, kwa hiyo shilingi ya ziada pale haituongezei chochote. Wakati ukipanda kutoka 2 hadi 3 tu, tunapata 0.30 nyingine na jumla yetu inakuwa 2.90.

Jedwali limetuonyesha mahali. Sababu halikuitaja, na hakuna jedwali litakaloitaja. Hiyo inafuatwa ghalani. Katika mfano wetu gari linaondoka Dar es Salaam jioni na kuingia Mbeya saa 1 asubuhi, karibu sawa na mabasi. Lakini vifurushi vimechanganyika ndani, vya Uyole pamoja na vya Tunduma na Sumbawanga. Vinamwagwa sakafuni, vinachambuliwa na watu wawili, na cha Mwanjelwa kinamfikia mwenyewe saa 10 alasiri. Barabara ya zaidi ya kilomita 800 haikutuchelewesha. Tulichelewa ndani ya ghala letu. Dawa yake ni kuchambua Dar es Salaam wakati wa kupakia, kila eneo na mfuko wake, na mifuko ya mbali itangulie kuingia ili ya Mbeya mjini iwe mlangoni na ishuke kwanza.

Mipaka miwili ya chombo hiki inanihangaisha. Wa kwanza ni kwamba wateja si kundi moja. Benki inayotuma nyaraka Sumbawanga ingeweka punje nyingi kwenye usalama, na jedwali lake lingetoa mshindi mwingine. Ukichanganya punje za benki na za duka la vipuri unapata wastani usiomhusu yeyote, kwa hiyo kila kundi kubwa la wateja lipate jedwali lake. Wa pili ni kwamba mshindani anaweza kuwa pia mshirika. Kampuni inaweza kukodi nafasi kwenye basi kwa kipande cha barabara kuu, kisha ikasambaza yenyewe wilayani, mahali ambapo basi lina alama 1. Jedwali linawaweka hao wawili katika safuwima tofauti kana kwamba hawawezi kukutana.

Tena alama huzeeka. Desemba buti la basi hujaa mizigo ya abiria wanaorudi kwao, na boksi la vipuri huweza kuachwa Mbezi hadi kesho yake. Alama 4 iliyopimwa Agosti haisimami hapo. Na mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, mpinzani aliyekuwa akiingia Mbeya jioni akaweza kuingia alfajiri, kabla duka halijafunguliwa. Kampuni iliyokuwa na jedwali la kabla ya hapo, hata kama ililipima kwa uangalifu, ilipaswa kutuma vifurushi vyake 10 upya.